Usaili wa jopo serikalini: jinsi ya kujiandaa pale kila msaili anapotoa alama zake

Usaili wa mahojiano wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huendeshwa na jopo. Unaingia, unakuta watu watatu au zaidi nyuma ya meza, na kila mmoja ana karatasi yake ya alama. Mmoja anauliza, mwingine anakutazama, wa tatu ameinama anaandika. Maswali ni yale yale waliyoulizwa wenzako wa kada hiyo, na kila swali lina alama zake. Kila mjumbe anajaza karatasi yake peke yake, kisha alama zinakusanywa na kutafutiwa wastani.

Utaratibu huo una matokeo ambayo wasailiwa wengi hawayafikirii kabla ya kuingia. Mjumbe aliyekuchekea tangu ulipofungua mlango hawezi kukubeba peke yake, na yule aliyekunja uso hawezi kukuzamisha peke yake. Jibu lililomfurahisha mtaalamu wa fani yako lakini halikueleweka kwa afisa utumishi aliyekaa pembeni, limekupa alama nusu. Na swali moja likikuharibikia, limeharibika hilo tu. Karatasi ina nafasi nyingine tupu kwa swali linalofuata. Maandalizi yote ninayoeleza hapa yanatokana na hayo.

Kwa mifano nitatumia kada ya Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II katika halmashauri. Ukiwa mhasibu, afisa ugavi au mwalimu, hatua ni zile zile. Badilisha tu majukumu na sheria.

Hatua ya kwanza: tunza tangazo la kazi siku unayoomba

Tangazo likishafika tarehe ya mwisho huwezi kutegemea kwamba utalikuta tena kwenye Ajira Portal, na usaili unaweza kuja miezi kadhaa baadaye. Kwa hiyo siku unayotuma maombi, pakua faili la tangazo au piga picha ukurasa wa majukumu ya kazi. Ukurasa huo una thamani kuliko maswali yanayozungushwa kwenye makundi ya Telegram, kwa sababu waandaaji wa maswali nao wanaanzia hapo.

Kaa nao na kalamu. Chukua kila jukumu uligeuze kuwa swali la kazini. Tangazo likisema utakuwa na kazi ya kuwezesha wananchi kuibua na kupanga miradi, swali ni hili: wananchi wa kijiji wanataka zahanati, diwani anataka barabara, utawasaidiaje kufikia uamuzi? Likisema kuhamasisha vikundi vya kiuchumi, swali ni hili: kikundi kimekopa na kimeacha kurejesha, utafanya nini? Majukumu yakiwa kumi, una maswali kumi, na kwa uzoefu wangu zaidi ya nusu ya utakayoulizwa yatakuwa binamu wa hayo.

Hatua ya pili: vyeti, maana vinakuangusha kabla hujafika kwa jopo

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa tangazo la kuitwa kwenye usaili linaeleza kila kitu. Shida ni kwamba watu husoma jina lao na tarehe, wanafunga faili. Lisome hadi masharti ya chini. Unatakiwa kuwa na vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, cha chuo, na cha usajili wa bodi kwa kada zinazodai usajili. Karatasi za matokeo na hati za muda hazipokelewi. Kitambulisho ni lazima. Aliyesoma nje ya nchi awe na uthibitisho wa vyeti vyake kutoka mamlaka husika, kama TCU kwa shahada na NECTA kwa masomo ya sekondari.

Kinachowarudisha watu wengi mlangoni ni jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaisha, cha chuo kinasema Aisha, kitambulisho cha NIDA kina majina matatu na shahada ina mawili. Panga vyeti vyako vyote mezani leo, usome majina herufi kwa herufi. Yakitofautiana, shughulikia hati ya kisheria ya kubadili au kulinganisha majina mapema, maana siku ya uhakiki huna wa kumweleza ukaeleweka.

Hatua ya tatu: soma vichache, lakini vilivyo hai

Jopo la serikali hupenda kupima mambo mawili kwa pamoja: kama unaijua kazi, na kama unajua kwamba kazi hiyo inafanywa ndani ya sheria. Kwa upande wa utumishi kwa ujumla, pitia Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, na kanuni zake za maadili. Huhitaji kukariri vifungu. Jua mtumishi anaajiriwa, anathibitishwa, anapimwa na kuadhibiwa kwa utaratibu gani, na kwamba zawadi, siri za ofisi na mgongano wa maslahi vina miiko yake.

Kwa upande wa kada, chagua sheria au sera mbili tatu zinazogusa kazi ya kila siku. Kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, mikopo ya asilimia 10 haikwepeki. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Msingi wake ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Utoaji ulisitishwa mwaka 2023 na kurudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Msailiwa anayejua kwamba ulisitishwa, na kwa nini, yaani fedha zilikuwa hazirudi na vikundi vingine vilikuwa vya majina tu, anaonekana mara moja kwamba anaifuatilia kazi.

Jihadhari na notsi za kurithi. Zipo zinazopita mkono kwa mkono tangu miaka ya nyuma, na utawakuta watu wakieleza OPRAS kwa ufasaha kana kwamba ndiyo inayotumika, wakati upimaji wa watumishi umeshahamia kwenye PEPMIS. Wengine wanaitaja Dira ya Maendeleo 2025 kama dira ya sasa, ilhali Dira 2050 ilizinduliwa Julai 2025. Mjumbe mmoja anaweza kukusamehe. Mwingine anaandika sifuri kwenye kipengele hicho, na ana haki.

Hatua ya nne: tengeneza jibu linaloweza kuhesabiwa

Hapa ndipo pa kukaa sana. Mjumbe wa jopo anakuwa na mwongozo wa majibu unaoonyesha hoja zinazotarajiwa. Anakusikiliza huku akitafuta hoja hizo. Ukizungumza kwa mtiririko mmoja mrefu usio na alama za kituo, hoja yako inaweza kuwepo na asiione, hasa kama ndiye aliyekuwa ameinama akimalizia kuandika ya swali lililopita.

Tuchukue swali la kikundi. "Kikundi cha vijana katika kata yako kilipata mkopo wa halmashauri, kimeacha kurejesha kwa miezi minne. Ukiwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata hiyo, utafanya nini?" Tuseme lina alama 10, na mwongozo una vipengele vitano vya alama mbili mbili: kupitia kumbukumbu na mkataba, kukutana na kikundi kujua sababu, kushirikisha uongozi wa kata na kutoa taarifa kwa maandishi, kuchukua hatua ya marejesho kwa mujibu wa kanuni, ufuatiliaji na kuzuia lisijirudie. Mwongozo huu nimeutunga kwa mfano, lakini ndivyo unavyokuwa.

Msailiwa wa kwanza anajibu:

"Kwanza nashukuru kwa swali zuri. Mikopo hii ni muhimu sana kwa vijana kwa sababu inawakwamua kiuchumi, na Serikali yetu imefanya kazi kubwa. Vijana wengi wanakosa elimu ya ujasiriamali. Mimi nitawaelimisha wajue umuhimu wa kurejesha ili wengine nao wakopeshwe. Pia nitawatembelea niwasikilize. Na kama nilivyosema mwanzo, nina uzoefu mzuri na vijana kutoka mafunzo kwa vitendo."

Halina uongo hata mmoja, na sauti yake ilikuwa nzuri. Sasa tazama karatasi. Mjumbe wa kwanza anatoa 2 za kukutana na kikundi na 1 ya elimu kama kinga: 3. Wa pili anampa elimu alama zote mbili: 4. Wa tatu, aliyeguswa na kauli ya uzoefu, anamwongezea 1: 5. Wastani ni 4. Robo tatu ya maneno yake ilikwenda kwenye shukrani, umuhimu wa mikopo na kujisifu uzoefu, mambo ambayo hayakuulizwa.

Wa pili anajibu:

"Nitafanya mambo matano. La kwanza, nitafungua jalada la kikundi nisome mkataba na kumbukumbu za marejesho, nijue walikopa kiasi gani, wamelipa kiasi gani na walikwama mwezi gani. La pili, nitakwenda penye mradi wenyewe nikae na wanachama wote, si mwenyekiti peke yake, nijue kama mradi umekufa, wamegawana fedha au wamechelewa tu kuuza. La tatu, nitamjulisha Mtendaji wa Kata na kuandika taarifa kwa mkuu wangu halmashauri. La nne, kama sababu ni ya kweli, nitapendekeza ratiba mpya ya marejesho kwa mamlaka inayohusika, maana mimi sina mamlaka ya kubadili mkataba wala kusamehe deni. Kama wamekwepa kwa makusudi, suala litakwenda kwa mwanasheria wa halmashauri. La tano, nitawatembelea kila mwezi na kukagua daftari lao la fedha. Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo nilikuta kikundi cha kuku kilichokwama hivyo. Tulipofika bandani tukakuta kideri kimemaliza kuku na hawakuwa wamechanja. Kwa hiyo kabla ya mkopo mwingine nitamuunganisha afisa mifugo na kikundi."

Huyu anapata 8, 8 na 9. Wastani ni 8.3, na jibu lake halizidi dakika moja na nusu. Angalia alivyofanya. Alitaja idadi mwanzoni, kwa hiyo wajumbe wote watatu walijua wasubiri mangapi. Kila jambo alilianza kwa namba na kitenzi. Mfano aliuweka mwisho na ulikuwa mmoja, wenye kitu cha kuonekana: banda, kideri, chanjo. Na ile kauli ya "mimi sina mamlaka" ndiyo iliyompa alama kamili kwenye kipengele cha nne. Katika ofisi ya umma, anayejua mpaka wa madaraka yake ni mtu salama kuajiriwa; anayeahidi kumaliza kila kitu mwenyewe anawatia wasiwasi.

Kosa jingine la yule wa kwanza ni "kama nilivyosema mwanzo." Karatasi ya swali la tatu haijui ulichosema kwenye swali la kwanza. Hoja ikihitajika tena, iseme tena kikamilifu, kwa ufupi.

Tengeneza majibu ya namna hii kwa maswali yako kumi. Usiyakariri neno kwa neno. Andika hoja nne au tano kwa kila swali kwenye kikaratasi kidogo, pamoja na mfano mmoja. Mfano huna? Tumia wa mtaani kwenu, ila sema wazi ni wa kuona, usijifanye uliusimamia.

Hatua ya tano: jaribu na watu watatu, karatasi tatu

Mazoezi ya kujisemea kwenye kioo hayafundishi kitu ambacho usaili huu unapima. Tafuta watu watatu: mmoja wa fani yako, mmoja asiyeijua kabisa, na mmoja mtu mzima aliyewahi kufanya kazi ofisini, hata kama amestaafu. Kila mmoja mpe karatasi yenye maswali na hoja tano za kila swali, alama 10. Wape sharti moja: wasionyeshane wala wasijadiliane mpaka umalize.

Kisha linganisha. Alama zikiwa za chini kwa wote, hujui jibu, rudi kusoma. Zikiwa zimeachana sana, mmoja 8 na mwingine 4, jibu unalijua ila halifiki. Muulize aliyekupa 4 ni hoja ipi hakuisikia. Mara nyingi utagundua uliipita kwa neno la kitaalamu, au uliitamka ukimtazama mtu mmoja kwa sauti ya chini. Ukisema "nitafanya O na OD", mtu wa fani yako anajua ni Fursa na Vikwazo vya Maendeleo, mbinu ya kupanga pamoja na wananchi; afisa utumishi anaweza asijue. Sema jina lote, na nusu sentensi ya maelezo.

Fanya hivyo mpaka pengo kati ya karatasi lipungue. Hilo ndilo lengo la zoezi, kuliko hata kupandisha wastani.

Hatua ya sita: chumbani

Salimia jopo zima, siyo aliye katikati tu. Kama wajumbe ni watu wazima kwako, "Shikamooni" inatosha na haijawahi kumpunguzia mtu alama. Kaa ukiambiwa. Ukiombwa ujieleze kwa ufupi, tumia kama dakika moja: elimu, uzoefu unaogusa kazi hii, basi. Mahali ulipozaliwa na idadi ya ndugu havina mstari kwenye karatasi. Ukielekezwa kutumia namba ya usaili, usitaje jina, wala usidokeze unamfahamu nani.

Swali likiulizwa kwa Kiingereza, na wewe ukaona utaeleza vizuri zaidi kwa Kiswahili, muulize mwenyekiti mwanzoni kama inaruhusiwa. Akikataa, endelea kwa sentensi fupi. Kuchanganya lugha mbili ndani ya kila sentensi ndiko kunakopoteza hoja kwenye masikio ya wajumbe.

Jibu lianze kwa kumtazama aliyeuliza, hoja ya pili na ya tatu uwape wengine, umalizie kwake. Yule anayeandika bila kuinua kichwa usimkimbie, ndiye anayekuhesabia. Ukiona kalamu zote zinakwenda, punguza kasi kidogo, usinyamaze. Ukiona zimesimama na bado unaongea, umeshamaliza jibu, funga.

Hukuelewa swali, omba lirudiwe mara moja. Hujui kabisa, sema unachokijua kilicho karibu nalo na utamuuliza nani kazini. "Kiwango halisi sikikumbuki, ila ningekiangalia kwenye kanuni na kumuuliza mwekahazina kabla ya kutoa jibu kwa mwananchi." Kuna mjumbe atakayekupa alama mbili hapo. Kubuni takwimu ni hatari kuliko kukiri, kwa sababu mezani kunaweza kuwa na mtu anayefanya kazi hiyo hiyo unayoombea.

Mjumbe akikubana kwa swali la nyongeza, mara nyingi ametafuta hoja kwenye mwongozo wake hajaiona, anakupa nafasi ya pili. Wengi huchukulia kama ugomvi, wakarudia jibu lile lile kwa sauti kubwa. Sikiliza neno jipya alilolitumia. Akiuliza "na taarifa je?", anatafuta taarifa ya maandishi. Mpe.

Mwisho ukiulizwa kama una swali, uliza moja la kazi au shukuru uondoke. Mshahara na kituo cha kazi viache. Jopo halina jibu.

Baada ya kutoka

Siku hiyo hiyo, ukiwa hata stendi, andika maswali yote uliyoulizwa na hoja ulizosahau. Matokeo yatatoka kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, na kufaulu usaili siyo lazima kuwe kupangiwa kazi moja kwa moja: nafasi zikiwa chache, waliofaulu huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa nafasi nyingine ya kada hiyo ikitokea. Kwa hiyo hakikisha namba ya simu na barua pepe kwenye akaunti ni zile unazozitumia sasa. Na ukiitwa usaili mwingine wa kada hiyo hiyo, anza na ile orodha ya stendi.